Kadi ya Chumba kwa Mgeni Aliyechoka

Msafiri aliyepanda basi Lubumbashi, akavuka Kasumbalesa, akaikatiza Zambia hadi Nakonde, akaingia Tunduma na hatimaye kuteremka stendi ya Magufuli pale Mbezi, akifika mapokezi ya hoteli Kariakoo huwa hana tena akili ya kusoma. Anataka maji, kitanda, na simu iwake aipigie familia. Anapewa bahasha ndogo yenye kadi ya plastiki, anaonyeshwa lifti iliko, na kuanzia hapo mpaka atakapolala hakuna wa kumuuliza. Wanaomwongoza ni vikaratasi: kilichobandikwa ndani ya lifti, kilicho juu ya swichi, kilichoning'inia kwenye kitasa, na kile kinachotafutwa kuliko vyote, cha waifai.

Katika hoteli nyingi vikaratasi hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza. Pale mwenye hoteli anapoamua viwe kwa Kiswahili, kazi hupewa kijana wa mapokezi afanye kati ya mgeni mmoja na mwingine. Kijana anafuata sentensi moja baada ya nyingine, na mwisho wa siku lifti inapata tangazo hili: "Katika tukio la moto, wageni wanaombwa kutotumia lifti." Maneno yote hayo ni ya Kiswahili, lakini hakuna Mswahili anayesema hivyo. Mtu mwenye haraka akisoma "katika tukio la" anaanza kujiuliza ni tukio gani. Andika "Moto ukitokea, tumia ngazi." Maneno manne, na mguu unajua pa kwenda.

Nimetafsiri maandishi ya hoteli kiasi cha kuwa na msimamo, nao ni huu: kadi ya mgeni aliyechoka haitafsiriwi sentensi. Kinachotafsiriwa ni kitendo. Unajiuliza mkono wa mgeni unatakiwa ufanye nini dakika hiyo, unaandika hicho, kingine unakifuta. Salamu za mwenye hoteli zitasomwa kesho baada ya chai, au hazitasomwa kabisa, na hakuna atakayeumia.

Tuanze na bahasha ya kadi, kwa sababu ugomvi mkubwa wa hoteli hutokea kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa juu yake: saa ya kuondoka. Kwa Kiingereza imeandikwa 10:00. Mtafsiri asiye makini anaandika "Ondoka kabla ya saa 10:00," na kwa kufanya hivyo amempa mgeni saa sita za bure, maana Mswahili akisoma saa kumi anafikiria jua linapoanza kushuka. Hoteli inayotaka chumba saa sita mchana ina mtego wake pia: ikiandikwa "saa 12:00," kuna mgeni atakayeamka alfajiri akihangaika kufunga mizigo, na mwingine atakayejua ana mpaka magharibi. Dawa ni kuandika saa ya Kiswahili pamoja na sehemu ya siku, kisha tarakimu zinazoonekana kwenye simu: "saa 4 asubuhi (kwenye simu 10:00)." Chai nayo iandikwe hivyohivyo: "saa 12:30 hadi saa 4 asubuhi." Usiache saa yoyote bila neno asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Kwa mgeni wetu wa Lubumbashi kuna jambo jingine ambalo wenye hoteli wa Dar es Salaam hulisahau. Lubumbashi, Zambia yote, Burundi na Rwanda ziko saa moja nyuma ya Tanzania. Alipovuka Tunduma saa ilisogea mbele. Simu iliyopata mtandao wa Tanzania mara nyingi hujirekebisha yenyewe, lakini simu yenye laini ya nyumbani isiyoshika mtandao huku inaweza kuendelea kusoma saa ya nyumbani usiku kucha. Asubuhi inamwambia ni saa tatu na nusu, yeye anajinyoosha, kumbe Kariakoo ni saa nne na nusu na mhudumu ameshagonga mara mbili. Maneno matatu yanatosha kumwokoa: "saa za Tanzania."

Halafu kuna usiku wenyewe. Chukua mgeni anayefika Jumatano saa 7 usiku, analipia usiku mmoja. Kwenye kompyuta ya hoteli huo ni usiku wa Jumanne, kwa hiyo anatakiwa kutoka Jumatano hiyohiyo saa 4 asubuhi, yaani saa tisa tangu alipoingia. Kwa hesabu yake yeye, amefika Jumatano, amelipa siku moja, ataondoka Alhamisi. Wote wawili wana hoja. Waswahili tuna njia yetu ya kulisema hili, tunasema "usiku wa kuamkia Jumatano," lakini hata hiyo kwenye kadi inamlazimisha aliyechoka kupiga hesabu. Bahasha isiseme habari ya usiku hata kidogo. Iseme: "Unaondoka Jumatano tarehe 14, saa 4 asubuhi." Mhudumu aijaze kwa kalamu mgeni akiwa mbele yake, kabla hajapokea hela. Kama kuna mabishano, bora yafanyike hapo kaunta kuliko asubuhi mlangoni huku mgeni amejifunga taulo.

Namba ya chumba iandikwe kwenye bahasha, kamwe si kwenye kadi yenyewe, kwa sababu kadi ikidondoka sokoni isimwonyeshe aliyeiokota mlango wa kwenda. Hilo hoteli nyingi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba namba ya chumba haitoshi kumfikisha mtu. Chumba 304 kiko ghorofa ya ngapi? Ya tatu, utasema. Lakini wapo wanaohesabu ghorofa kuanzia pale chini penye mapokezi, na wapo wanaoanza kuhesabu baada ya kupanda ngazi za kwanza. Wote ni Waswahili safi. Mgeni wa kundi la kwanza anabonyeza 2, anafika mlango wa 204, anaweka kadi, taa nyekundu. Anajaribu tena, nyekundu. Ndani kuna mtu aliyelala, anaamka akidhani anaibiwa. Kwa hiyo bahasha iachane na hesabu ya ghorofa: "Chumba 304. Kwenye lifti bonyeza 3." Na lifti zile zinazotaka kadi kwanza, ongeza maneno matatu: "Gusisha kadi, kisha bonyeza 3." Bila hayo mgeni atabonyeza kitufe mpaka kidole kiume, kitufe hakiwaki, naye atarudi mapokezi kusema lifti ni mbovu.

Tukiwa bado ndani ya lifti, kuna kibao kinachosema watu 8, kilo 630. Watu wengi huona vitu viwili tofauti, kumbe ni kimoja. Viwango vya Ulaya, ambavyo lifti nyingi zimetengenezwa kwa kuvifuata, humhesabu mtu mmoja kuwa kilo 75. Gawanya 630 kwa 75 unapata nane na kitu, wanaandika nane. Lifti ya kilo 1000 inaandikwa watu 13 kwa hesabu hiyohiyo. Mahali ambapo wageni wanapanda na mabegi ya nguo, kibao hicho kinatosha. Kariakoo hakitoshi, maana hapa watu wanapanda na mzigo. Robota dogo la mitumba lina kilo 45. Wafanyabiashara wanne ni kilo 300. Wakiingiza marobota manane ni kilo 360 zaidi, jumla 660, tayari wamepita 630 na lifti ina watu wanne tu. Mashine huvumilia kidogo, lakini ikizidiwa kengele inalia na mlango unagoma kufunga. Hapo ndipo huanza vituko: mtu anausukuma mlango kwa bega, mwingine anabonyeza vitufe vyote kwa hasira. Hakuna kilichoharibika. Lifti inasubiri kilo zipungue. Tangazo la Kiswahili liseme hivi:

Mwisho kilo 630, pamoja na mizigo.
Kengele ikilia, aliyeingia mwisho atoke.

Watu nane nimewaacha makusudi. Ukiwaandika, mgeni atahesabu vichwa na kusahau marobota.

Tangazo la moto tumeshaliona. Mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini tusiongeze sababu, watu waelewe. Sababu zipo na ni nzito: shimo la lifti hupitisha moshi kutoka chini kwenda juu kama bomba la jiko, na moto mara nyingi hukata umeme, lifti ikasimama katikati ya ghorofa mbili na watu ndani. Lakini hizo ni habari za kusoma kwenye gazeti kama hili. Mtu aliyeshtushwa na moshi hahitaji maelezo, anahitaji kujua ngazi ziko wapi. Nafasi ya sababu ipewe mshale.

Linalohitaji maneno zaidi kidogo ni tangazo la lifti iliyokwama, maana umeme ukikatika Dar es Salaam hutokea, na katikati ya giza mtu hufanya mambo ya ajabu. Hofu ya kwanza ni kukosa hewa. Hofu hiyo haina msingi: chumba cha lifti kina matundu ya kupitishia hewa, hakikuzibwa. Hatari ya kweli iko kwa anayejiokoa mwenyewe. Anaupanua mlango, anaona sakafu ya ghorofa iko kifuani, anajaribu kupanda au kujirusha chini. Lifti ikiwa imesimama juu ya usawa wa sakafu, chini yake panabaki mwanya unaoangalia shimoni, na anayeruka akiteleza anaingia humo. Umeme ukirudi, au jenereta ikiwaka, lifti nayo inaweza kuondoka yeye akiwa nusu ndani nusu nje. Kwa hiyo:

Lifti ikisimama: hewa ipo. Bonyeza kengele, subiri ndani.
Usiufungue mlango mwenyewe.

"Hewa ipo" limetangulia, na mpangilio huo ni wa makusudi. Mtu anayeamini anakosa hewa hatasoma mstari wa pili.

Mlangoni na kwenye swichi hakuna mengi. Taa ya kijani, sukuma. Taa nyekundu mara tatu, rudi mapokezi. Mara nyingi kadi imekwisha muda wake au uko mlango usio wako. Kitasa cha betri kina saa yake ndani, na kadi huandikwa siku na saa ya mwisho, kwa hiyo mgeni aliyeongeza siku kwa kulipa tu bila kadi yake kuandikwa upya atajikuta amefungiwa nje mchana kweupe. Zile kadi za zamani zenye mstari mweusi nyuma zina ugonjwa mwingine: sumaku ya mkoba au ya kava la simu inaweza kufuta maandishi yake. Kwenye kijisanduku cha umeme karibu na mlango andika "Chomeka kadi hapa, umeme utawaka," na chini yake onyo ambalo hoteli nyingi hazina: "Ukitoa kadi, simu haitachaji." Mgeni huacha simu kwenye chaja, anakwenda kula na kadi yake mfukoni, anarudi betri iko palepale, halafu analaumu TANESCO.

Sasa waifai, ambayo ndiyo sababu ya nusu ya simu zinazopigwa mapokezi usiku. Niliwahi kuletewa kadi ya hoteli moja niitafsiri. Ilianza na aya nzima ya kumshukuru mgeni, ikaeleza kasi ya mtandao, ikakana lawama zote za kisheria, na pembeni chini, kwa herufi ndogo, ikasema jina la mtandao ni `Hotel_5G` na neno la kuingilia ni `Dar0Il2O24`. Tusimame kwenye neno hilo, kwa sababu hakuna tafsiri inayoweza kuliponya. Baada ya `Dar` kuna sifuri, kisha I kubwa, kisha l ndogo, kisha 2, kisha O ya herufi, kisha 24. Kwa mwandiko wa kawaida wa kuchapia kadi, I kubwa na l ndogo ni kijiti kilekile, na sifuri na O zinapishana unene kidogo tu. Mgeni ana njia nyingi za kukosea na moja ya kupatia. Simu haimwambii amekosea wapi. Inasema tu pasiwedi si sahihi, au inazunguka na kukaa kimya.

Mtafsiri haruhusiwi kugusa neno la kuingilia. Lipo kwenye mashine ya waifai, na hata kosa lake la tahajia ni lazima linakiliwe lilivyo. Nimeona `Karibuu` yenye u mbili ikisahihishwa na mhariri mwenye nia njema, na ghorofa nzima ikakosa mtandao. Anachoweza kufanya mtafsiri ni kumwomba mwenye hoteli abadilishe neno kwenye mashine kwanza, ndipo kadi ichapwe. Tukabadilisha. Neno jipya lilikuwa `samaki7394`: herufi zote ndogo, neno ambalo kila Mswahili analiandika bila kufikiri, na tarakimu zisizo na sifuri wala moja. Kwa waifai ya kawaida ya hoteli neno halitakiwi kupungua herufi 8 wala kuzidi 63. Hili lina 10. Kikomo hicho cha 8 kinamsaidia mgeni pia: kwenye simu nyingi kitufe cha kuunganisha hubaki kimefifia mpaka herufi zitimie nane, kwa hiyo akiona kimefifia ajue kuna herufi ameiruka.

Kisha kadi ikaenda kwa mchapaji, na huko ndiko makosa mengine huzaliwa. Programu ya kuandikia iligeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa, kama inavyofanya kila mwanzo wa mstari: `Samaki7394`. Mchoraji, kwa kupenda urembo, angeliweka neno zima kwa herufi kubwa. Mwingine angelitenga liwe `samaki 7394` lipumue, na mgeni angeandika ile nafasi kama anavyoiona. Na aliyezoea sentensi nzuri humalizia kwa nukta, nukta ambayo mgeni mwaminifu ataiingiza kwenye simu. Kwa simu yote hayo ni maneno tofauti. Baada ya neno la kuingilia kusiwe na alama yoyote, na yeyote anayeagiza kadi achukue nakala ya kwanza, aingie nayo chumbani, aunganishe simu ambayo haijawahi kuunganishwa pale. Akifeli yeye ambaye hajachoka, hoteli isichape nyingine.

Jina la mtandao nalo lilihitaji kubadilika. Wengi wakiona `5G` hudhani ni ile ya laini ya simu, yenye kasi. Kwenye waifai maana yake ni masafa ya gigahezi 5, ambayo kweli yana kasi lakini hupenya ukuta kwa shida kuliko yale ya 2.4, na simu za bei nafuu pamoja na za zamani nyingi haziyaoni kabisa. Mgeni anapiga simu mapokezi, "Dada, huo mtandao wenu kwangu haupo," dada anaapa upo, na wote wanasema kweli. Kwenye kadi liwekwe jina la mtandao unaoonekana na simu zote. Likaitwa `Wageni`.

Nyuma ya kadi tuliweka msimbo wa QR. Ndani yake hakuna siri, ni mstari wa maandishi tu:

```
WIFI:T:WPA;S:Wageni;P:samaki7394;;
```

`S` ni jina la mtandao, `P` ni neno la kuingilia. Mgeni anafungua kamera, anaielekeza kwenye msimbo, simu inauliza kama aunganishwe, anakubali. Simu nyingi za miaka ya karibuni zinafanya hivyo bila programu ya ziada. Lakini maandishi ya mbele yabaki, kwa ajili ya simu ya zamani na kamera iliyopasuka kioo.

Kuna hoteli zisizo na neno la kuingilia kabisa. Unaunganisha, kisha ukurasa unatakiwa ujifungue ukuulize namba ya chumba na jina. Hapa mambo mawili huharibika. Kwanza, ukurasa haujifungui. Simu inaonyesha imeunganishwa, mtandao hakuna. Zima data ya laini, fungua kivinjari, andika `captive.apple.com` au `neverssl.com`. Anwani hizo hazina ulinzi wa kuzuia hoteli kukuelekeza kwenye ukurasa wake, ndiyo maana hufaulu pale anwani za kawaida zinapogoma. Pili, jina linakataliwa. Mkongo ana jina, jina la pili na jina la ubatizo, na pasipoti yake inayapanga kwa namna ambayo kijana wa mapokezi hakuizoea. Mgeni anaandika analoitwa nyumbani. Kompyuta inalo jingine. Kadi ikisema "jina la ukoo" imemwongezea kitendawili. Iseme "jina kama lilivyo kwenye bahasha," na mhudumu ahakikishe kwenye bahasha limenakiliwa kutoka kompyuta. Ukurasa wowote ukiuliza namba ya siri ya M-Pesa au ya benki, ufunge. Waifai ya hoteli haiihitaji.

Kwa hiyo kadi iliyokuwa na aya tatu ikabaki hivi:

WAIFAI
Jina: `Wageni`
Pasiwedi: `samaki7394`
Herufi zote ndogo, hakuna nafasi.
Ikikataa, piga 0.

Wapo watakaoninunia kwa kuandika pasiwedi badala ya nywila. Nywila naitumia nikiandika kitabu. Saa 7 usiku mgeni anaulizia pasiwedi, nami nampa anachoulizia. Sentensi za lawama za kisheria ziende kwenye fomu anayosaini mapokezi, huko ndiko zina nguvu.

Kadi ya kitasa ina utata mdogo wa adabu. "Usinisumbue" ni tafsiri sahihi, na kwa masikio yetu ni ukali: mgeni anamwambia mama wa usafi, ambaye huenda amemzidi umri, maneno ambayo asingemwambia uso kwa uso. Niliwahi kumsikia mzee mmoja kutoka Kigoma akikataa kuining'iniza. "Mwanangu, mimi nimwandikie mtu mzima hivyo?" Tuliandika "Nimepumzika," na upande wa pili "Naomba chumba kisafishwe." Wahudumu wanaelewa, na mzee anaining'iniza.

Kanuni yangu ya kukata ina mahali pa kukomea, nako ni kadi ya taulo bafuni, ile inayoomba uzitumie tena kuokoa maji. Mwaka 2008 Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius walichapisha utafiti uliofanywa hotelini Marekani. Kadi iliyoomba kwa ajili ya mazingira ilikubaliwa na takriban asilimia 35 ya wageni. Iliyosema kwamba wageni wengi wa hoteli ile hutumia taulo tena ilifika asilimia 44. Tofauti ilikuwa habari ya wageni wengine, ambayo mtafsiri mwenye haraka angeiona pambo na kuifuta. Kwa hiyo kwenye taulo, kama ni kweli kwa hoteli yako, iache: "Wageni wetu wengi hutumia taulo zaidi ya siku moja. Unayotaka ibadilishwe, iweke sakafuni."

Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka bila miwani, nyeusi juu ya nyeupe, si za dhahabu juu ya kahawia kama harusi. Na wewe mwenye hoteli, weka tarehe kwenye pembe ya kila kadi ya waifai. Siku utakapobadilisha pasiwedi, tuma mtu apite vyumba vyote akusanye kadi za zamani siku hiyohiyo, aangalie na ndani ya droo, maana kadi mbili zenye maneno mawili zikibaki chumba kimoja, mgeni ataanza na ile isiyofanya kazi.